Picha Niliyoiweka Mtandaoni

Katibu wa hospitali yetu, pale Dodoma, alitusomea barua yake ofisini kwa wauguzi. "Picha ya mgonjwa yenye jina lake humwonyesha kila mtu alipo na anachougua. Ikishaingia mtandaoni hatuwezi kuirudisha. Hata kwa nia njema, ni marufuku."

Nilijua ananisema mimi. Nilikuwa nimeiweka picha ya mama mmoja wa Chemba, aliyechomwa moto na mumewe, pamoja na jina lake na la hospitali yetu, ili asaidiwe. Sikumuuliza.

Mlinzi akaingia. "Nimemzuia mwanamume getini. Ana picha kwenye karatasi, anamtaka mkewe."

Katibu alinigeukia. "Nenda wewe ukamwambie huyo mama."

Nilipomwambia, mama yule hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Dada, haya madirisha yanafungwaje?"