Mbuzi ya Nazi ya Dola Ishirini

Msamaha wa ushuru kwa vifurushi kutoka nje visivyozidi dola mia nane ulipofutwa, ofisi yetu ya uwakala wa forodha karibu na uwanja wa ndege ilifurika vidude vidogo. Nilikuwa kwenye majaribio, kazi nimejifunza mwenyewe mtandaoni. Msimamizi wangu, mama wa Mombasa, aliniambia niandike dakika ninazotumia kwa kila kifurushi. Kikizidi ishirini, ada yetu haitoshi. Na mimi pia sitoshi kwa kazi.

Nikaangukia mbuzi ya nazi ya dola ishirini, ya mama mmoja wa Bowie, mji wa jirani. Ina kiti, ina meno ya chuma. Ni fanicha au chombo cha jikoni? Nilisoma jedwali la ushuru asubuhi nzima, kisha nikampigia mwenyewe.

"Unaikalia ukikuna tu, mwanangu. Kwani nyinyi mnakunaje?"

"Tunanunua ya kopo, mama."

"Pole."

Basi, chombo cha jikoni. Ushuru haukufika dola tano. Nakiri, niliandika dakika kumi na tisa.

Msimamizi alisoma, akacheka. "Kumi na tisa! Nimekunywa chai mara tatu ungali na mbuzi hiyo. Ndiyo maana zamani serikali iliviacha vifurushi hivi vipite: kumlipa wa kuvishughulikia kunazidi kinachokusanywa."

Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Wenda wapi? Futa, andika masaa matatu. Nataka mwenye kampuni aone hasara, tuache vifurushi. Wewe utahamia kwenye makontena. Huko mzigo ni wa maelfu, na huu wasiwasi wako wa kupekua kila kitu utalipa."