Senti Kumi za Boflo

Mwaka ule wa kuposa nilikuwa na tanuri moja la mikate pale Temeke, na ndoto za kutosha matanuri ishirini. Wachomaji wa boflo mtaani tulikuwa watatu tu: mie njia ya sokoni, mzee wa Kishihiri karibu na msikiti, na mama mjane wa kisimani. Boflo lilikuwa senti kumi kwetu sote. Hakuna aliyekumbuka nani alianza kusema kumi.

Basi kuni zikashuka. Upande wa Ukonga watu walikuwa wakifyeka pori wajenge nyumba, mikokoteni ya kuni ikawa inagombania wanunuzi. Boflo likabaki palepale. Hapo baba wa mchumba wangu, karani wa mizigo stesheni, mtu asiyeliamini gunia mpaka alipime, akaniita barazani kwake.

"Kuni zimeshuka, boflo halishuki," akasema. "Nyie watatu mmelishana yamini. Mie simpi binti yangu mla njama."

Nikaapa kwamba mie na yule Mshihiri hata salamu hatupeani vizuri. Nikamweleza yaliyonipata mwaka uliotangulia: unga ulipanda kidogo, nami kwa ujinga nikauza boflo senti kumi na moja, nikijua wenzangu watanifuata. Hawakunifuata. Wakanyamaza na kumi yao, na wateja wangu nusu nzima wakahamia kwao. Nilizoea kuuza maboflo sitini kwa siku, nikauza thelathini. Siku ya tatu nikarudi kwenye kumi, nimenywea.

"Huko ni kupandisha," akasema. "Kushusha je? Nani anakuzuia?"

Nikamwambia nikishusha watashusha nao, tutabaki na wateja walewale. Akacheka puani. Akasema Jumamosi hana kazi, atakuja kukaa dukani kwangu. Nishushe, tuone kama wale wenzangu si wa kiapo kimoja nami. Wasiposhusha nao kama nilivyodai, nisahau njia ya kwao.

Jumamosi nikachoma maboflo themanini, nikatangaza senti tisa. Karani kaketi kwenye kigoda, kofia magotini, anaangalia kila mkono unaoingia. Saa ya kwanza duka lilijaa mpaka nikaanza kuiota nyumba yangu ya bati. Kisha watu wakapungua. Mwanamke mmoja akapita na boflo kwapani, karani akamsimamisha kumuuliza kalinunua wapi, kwa bei gani. Msikitini, senti tisa. Wa pili akatoka kisimani, naye tisa vilevile.

Mpaka jioni niliuza maboflo sitini na manne. Manne tu ya ziada. Karani akapiga hesabu kwa kidole gotini: sitini kwa kumi ni shilingi sita; sitini na manne kwa tisa hazifiki hata shilingi sita.

"Kwa hiyo hata ungepewa kuni bure, kushusha hakukulipi."

"Hata bure, mzee. Nachoma zaidi, napata pungufu."

Alikuwa bado ananitazama kwa jicho la mzani pale mama wa kisimani alipoingia, mikono ina unga mpaka viwikoni. Hakumwona karani.

"Mwanangu, nimekukosea nini? Nani kakutuma uniue njaa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alikuwa na watoto wanne. Nikajaribu kusema ni jaribio tu, akasema jaribio la nani, na wateja wake wakikimbia atamuuzia nani? Alitoka bila kuaga.

Karani akavaa kofia. "Walioapa pamoja hawaulizani hivyo," akasema. "Nyie mnaogopana tu. Waambie wazee wako waje Ijumaa."

Nilifurahi mpaka nikasahau kumuuliza nifanye nini na ile senti tisa. Jumatatu nilitaka kurudi kumi. Lakini nani aanze? Nikianza peke yangu, wawili watanyamaza na tisa yao. Nilimpelekea mama wa kisimani sukari ya kumwomba radhi, akaipokea mlangoni, akanichungulia kama anayemwona mwizi akipima kufuli. Masika ilipofika kuni zikalowa, zikapanda hadi pale zilipokuwa zamani. Boflo likabaki senti tisa. Labda gharama zingetupiga sana sote, tungepandisha kwa pamoja. Kupanda kule kidogo kila mtu alikumeza kimya.

Nikaoa tukiwa bado na bei hiyo ya senti tisa, tukala karamu ndogo kuliko niliyoiota. Mtaani sasa wakasema tumekula kiapo kipya: kuni zimepanda, wale watatu hawatikisiki, lazima kuna jambo.

Alfajiri moja mke wangu, akikanda unga, aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Niambie mie mkeo. Kweli hamkuapa?"

Nikamwambia kweli. Akaendelea kukanda, akasema baba yake naye ameanza kuuliza upya.