Kibuyu cha Nemayian na Barua ya Bwana Misitu

Nemayian mke wa Parsaoti ananiletea maziwa mlangoni tangu mwaka 1991. Nakumbuka mwaka kwa sababu ndipo tulipoezeka bati nyumba hii ya Misima. Wakati ule yeye na mumewe walikuwa wamehamia na ng'ombe wao kutoka upande wa Kiteto, naye akiwa mwanamke mwembamba anayejua maneno kumi tu ya Kiswahili, manane kati ya hayo ni ya kuhesabu vikombe.

Alikuja na kibuyu. Halafu zile siku za ruksa ya biashara zikakolea, maduka yakajaa vitu, na madumu ya plastiki ya mafuta ya kula yakawa hayana thamani. Mwanamke mmoja akaacha kibuyu akashika dumu, kesho wakaacha wote. Nemayian naye akashika dumu. Lakini jina lake halikubadilika. Wenye hoteli pale Chanika, mjini Handeni, walikuwa wakichovya njiti ya kiberiti kwenye maziwa ya kila muuzaji kuona kama yametiwa maji. Ya Nemayian hawakuchovya. Nimeyashuhudia hayo kwa macho yangu, na yeye anajua kuwa ninajua.

Kibuyu chenyewe alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Kwao kitu cha namna hiyo hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na Nemayian Mungu amempa wavulana watano. Kikabaki kinaning'inia ukutani, panya wakakila kamba. Mwaka 2018 Loveness, mjukuu wa dada yangu, alikuja kunisalimia kutoka Korogwe. Kazi yake ni kuuza vitu kwa simu: vikapu, shanga, nyungu, mikeka. Anapiga picha, anaweka kwenye ukurasa wake, mtu wa mbali analipia, mzigo unapakiwa kwenye basi. Alipokiona kibuyu ukutani kwa Nemayian akasema kuna watu wanatafuta vitu vya zamani kama hivyo.

Nemayian alikubali. Ila alisema, "Rudi wiki ijayo. Hakijawa tayari."

Wiki nzima alikaa chini na sindano. Alikisugua kwa mafuta mpaka kikang'aa, akakivika ngozi mpya mzunguko mzima, akaishona kwa uzi wa nailoni na shanga za plastiki za bluu, nyeupe na chungwa, zile zinazouzwa mnadani. Mfuniko nao akautengeneza mwingine. Kwao kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa mgeni kikiwa kimechakaa, ni aibu ya mwenye nyumba. Loveness alipiga picha moja, kwa mbele, akaandika chini yake kuwa ni kibuyu halisi cha zamani.

Siku kumi baadaye Loveness alishuka kwenye basi la asubuhi, hata soda hakunywa. Tukaenda wote mpaka bomani kwa Nemayian.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama wa simu. Kimenunuliwa?"

"Kuna barua." Loveness akanigeukia mimi. "Bibi, naomba uisome wewe, mimi nimeshaisoma mara tatu."

Nilivaa miwani. Aliyeandika ni mstaafu wa kule Soni, Lushoto, na ingawa ilikuja kwa simu aliipanga kama barua ya ofisini:

"Simeo Semboja, Bwana Misitu Mstaafu, Soni. Kwako Loveness, muuzaji. YAH: KUOMBA UTHIBITISHO NA PICHA ZA ZIADA ZA KIBUYU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimekiona kibuyu ulichokitangaza kuwa ni cha zamani. Ninakusanya vyombo vya nyumbani vya wazee wetu katika chumba ambacho wanafunzi huja kuangalia, kwa hiyo sitaki kuwadanganya watoto. Kabla sijalipa naomba yafuatayo. Kwanza, picha zilizopigwa nje mchana, bila kurembwa na simu: kitako, mdomo, ndani, na mahali popote palipotobolewa au kutengenezwa. Kando ya kibuyu pawekwe rula, pamoja na karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku hiyo, nijue kuwa kipo mikononi mwako. Pili, picha ya karibu ya shanga na uzi. Ninavyoona mimi shanga ni za plastiki na uzi ni wa juzi, na ngozi haina hata doa la maziwa. Tatu, maelezo ya maandishi: kilikuwa cha nani, kilitumika wapi, na jina la mtu anayeweza kushuhudia. Sikutuhumu, ila mwaka jana niliuziwa kigoda kipya kilichofukiwa kwenye samadi ili kizeeke. Nikipata hayo nitalipa siku hiyo hiyo. Nisipopata, nitalazimika kuwaeleza wenzangu wanaonunua kwako. Wako katika ujenzi wa taifa."

Nilimfafanulia Nemayian maneno asiyoyaelewa. Akauliza polepole, "Anasema mimi nimetengeneza kibuyu cha uongo?"

"Anauliza tu, bibi," Loveness akasema.

"Anayeuliza kama maziwa yana maji, ameshasema yana maji."

Parsaoti alikuwa amelala kivulini mwa nyumba, kofia usoni. "Anataka kuona kitako?" akasema bila kuondoa kofia. "Kwanza kitako, halafu ndani. Bwana Misitu huyo hana adabu."

Loveness hakucheka. Alikuwa na wateja wengine katika kundi moja na yule mstaafu, na neno la feki likishatajwa huko ukurasa wake umekwisha. Akasogea karibu na Nemayian. "Bibi, kuna njia nyepesi. Jirani yako ana kibuyu kikongwe, tupige picha kitako cha kile. Na maelezo tuandike miaka mia moja. Nani atahesabu?"

Nemayian alimtazama mpaka binti akainamisha macho.

"Mama Ernesti," akaniambia mimi, "huyu ni wa kwenu?"

"Wa kwetu," nikasema kwa aibu.

"Mwambie anyamaze."

Akaingia ndani akatoka na kibuyu na wembe. Tukaketi palipo na jua. Tatizo lilikuwa moja, na alilijua yeye peke yake mpaka alipotueleza: ile ngozi mpya haikuwa pambo tu. Ilikuwa imekibana kibuyu kama bandeji. Chini yake palikuwa na ufa wa tangu zamani, na ukiikata ngozi huna hakika kibuyu kitashika.

"Basi tusiikate," nikamwambia. "Tumwandikie tu."

"Ameomba kuona palipotengenezwa. Hapa ndipo palipotengenezwa."

Akakata. Uzi wa nailoni ulitoka kwa mlio mmoja mmoja, shanga zikamwagika kwenye kanga yangu. Alipoivua ngozi, kibuyu kilikuwa kitu kingine kabisa: cheusi kama kahawa iliyoungua, chenye madoa ya mafuta ya miaka, na kutoka mdomoni mpaka katikati umepita ufa ulioshonwa kwa ukano wa ng'ombe, tundu huku na tundu huku, kazi ya mkono usio na haraka.

"Mama mkwe," akasema. "Kilianguka nikiwa na mimba ya mwanangu Taiyo. Nilidhani atanipiga. Akakaa chini akashona."

Karibu na shingo zilikuwa zimebaki shanga saba za kioo, nyingine nusu, kwenye kamba ya ngozi iliyokauka. Loveness alipiga picha ya ufa, ya kitako, ya shanga za kioo zikiwa karibu na zile za plastiki. Rula ilikuwa ya mwanangu Ernesti ya shule, niliyoitunza. Karatasi niliandika mimi: jina la Simeo Semboja na tarehe.

Ikabaki picha ya ndani. Loveness alishika simu yenye tochi, Nemayian akakiinamisha kibuyu ili mwanga uingie, na hapo tukasikia: ka! Mlio mdogo kama wa kijiti. Ufa ulikuwa umetoka pale uliposhonwa ukashuka urefu wa kidole kizima.

Hata Parsaoti aliondoa kofia.

Loveness ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini. "Picha ya ufa tulishapiga kabla. Tutume hizo. Yeye hawezi kujua, na kwenye basi vitu huwa vinavunjika."

"Piga nyingine," Nemayian akasema.

"Bibi, akiiona hatalipa."

"Piga. Weka na rula."

Ikapigwa. Kisha nikachukua karatasi ya daftari nikaandika kama alivyosema yeye, neno kwa neno. Kwamba kibuyu alipewa na mama yake Nasinkoi alipoolewa, kabla ya kuhamia Handeni. Kwamba kilitumika kwa maziwa mpaka yalipokuja madumu. Kwamba ngozi, mfuniko na shanga za plastiki alizishona yeye mwenyewe mwezi huu kwa kuona aibu kukitoa kikiwa kimechakaa, na hakukusudia kumdanganya mtu. Kwamba kimepasuka leo kikipigwa picha. Akabonyeza dole gumba lenye wino wa kalamu yangu, mimi nikatia sahihi ya shahidi na namba ya simu. Loveness akaipiga picha karatasi nayo, akatuma vyote.

Tulikaa tunasubiri. Nemayian alikwenda kukamua, akarudi, akatugawia chai. Hakuuliza. Jibu lilikuja jua likiwa limeshuka kwenye miti, na safari hii halikuwa na YAH.

"Picha nimeziona, na maelezo nimeyasoma. Kibuyu ni cha kweli. Anayetaka kuniibia asingenitumia picha ya mwisho. Msikiweke kwenye basi. Msikishone tena. Ijumaa nitakuja mwenyewe."

Nilimsomea mara mbili. Aliitikia kwa kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeambiwa saa, kisha akasema, "Kazi yangu ya wiki nzima haitaki. Anataka donda la mama mkwe."

"Wasomi," Parsaoti akasema.

Ijumaa alikuja kweli, mzee mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi, akiwa na kasha la mbao lililojaa majani makavu ya migomba. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akaingiza pua mdomoni, akavuta harufu ya moshi na maziwa ya kale, akafumba macho. Akalipa bei ile ile aliyoikuta kwenye tangazo.

Alipoinama kukifunga kwenye majani, Nemayian akaweka mkono juu ya kasha.

"Mzee, wewe umeniomba picha. Na mimi nakuomba."

"Picha ya nini, mama?"

"Ya hicho chumba cha watoto. Madalali wa Arusha wanaonunua vya kuuzia watalii nao huvaa vizuri. Weka kibuyu, weka karatasi yenye jina langu na tarehe. Rula usiweke, urefu wake naujua."

Loveness alijiziba mdomo kwa kanga. Mzee Semboja akasimama wima. "Una haki," akasema.

Picha ilifika Jumatatu kwenye simu yangu. Rafu ya mbao, kibuyu katikati, karatasi imeandikwa NEMAYIAN kwa herufi kubwa, tarehe chini. Nikaipeleka bomani. Aliishika simu mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza.

"Hilo ni dirisha?" akauliza.

"Ndiyo, dirisha."

"Mwandikie akisogeze. Jua la mchana litamalizia ule ufa."

Nikaandika. Kesho yake ikaja picha nyingine, kibuyu kimehamia ukuta wa pili.