Risiti ya Jeneza

Kwa miaka kumi na tisa Fundi alishonea watu nguo katika chumba cha mbele, na siku mumewe alipokufa ndipo alipojua kwamba hata pale palipokaa cherehani si pake. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina la marehemu. Akaunti ya benki vilevile.

Kabla ya maziko, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimvuta pembeni. "Shemeji, kadi ya kaka unayo, na namba ya siri unaijua. Katoe pesa tumzike kwa heshima. Benki wakisikia amefariki wanafunga."

Akatoa, akampa zote. Shemeji akarudi na jeneza zuri, na risiti akaitia mfukoni. Nani anadai risiti msibani?

Benki walipopelekewa cheti cha kifo walifunga akaunti kweli, wakasema watalipa tu kwa barua ya usimamizi kutoka mahakamani. Ukoo ukakaa, ukamteua Fundi kusimamia mirathi, muhtasari ukaandikwa. Shemeji alisaini wa kwanza na kumsifu mpaka akaona haya. Fundi akapeleka mahakamani muhtasari, vyeti vya kifo na ndoa, orodha ya mali na ya warithi, na wadhamini wawili. Karani akagonga mihuri, akabandika tangazo: mwenye pingamizi alete kabla siku hazijaisha.

Wiki ya pili shemeji alikuja na mnunuzi wa kiwanja.

"Bado sijapewa barua," Fundi alisema. "Na nikipewa, siuzi. Wanangu watalala wapi?"

"Sawa, shemeji," alijibu kwa upole. Upole ule ungemtisha mtu mwenye akili zaidi, lakini Fundi alimchemshia chai.

Kesho yake pingamizi likafunguliwa: mjane ametapanya mali ya marehemu kabla ya kuruhusiwa. Shemeji alileta taarifa ya benki iliyoonyesha pesa zimetolewa siku moja baada ya kifo.

"Ulitoa wewe?" hakimu aliuliza.

"Nilitoa, mheshimiwa. Za maziko. Yeye ndiye aliyeniambia, na nilimkabidhi mkononi."

"Una shahidi? Maandishi?"

Hakuwa na chochote. Shemeji akafungua bahasha, akatoa risiti ya jeneza, imekunjwa vizuri, jina lake juu. Akasema maziko aligharamia yeye, kutoka mfukoni mwake. Wajumbe wa ukoo, waliokula pilau ya matanga, waliangalia viatu vyao.

Barua ya usimamizi akapewa shemeji. Hakimu alimkumbusha kwamba msimamizi si mmiliki, kwamba mjane na watoto ni warithi na ana wajibu wa kuleta mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawo. Fundi naye akaamriwa aeleze zilikokwenda zile pesa. Shemeji aliitikia kila neno kwa kichwa.

Jumamosi akaja nyumbani na daftari kuorodhesha mali. Akasimama katikati ya chumba, akatazama ukuta hadi ukuta, kisha akamtazama Fundi shingoni, ulikoning'inia utepe wa kupimia nguo.

"Shemeji," alisema, "niazime huo utepe nipime chumba."

Fundi akauvua, akampa.