Nilivyotwanga Vidonge vya Mzee Wangu

Wewe, umeshawahi kumlisha mume wako kupitia puani? Mimi namlisha! Mzee wangu alipopooza, kumeza kukamshinda, hospitalini Same wakamwekea mpira kutoka puani mpaka tumboni. Mimi na ujuaji wangu nikatwanga vidonge vyake, nikavikoroga kwenye uji, nikasukuma na bomba la sindano. Mpira ukaziba! Tukateremka tena mlimani kwetu mpaka hospitalini, mzee wa watu hajapata dawa.

"Shikamoo bibi. Humu mpirani umepika makande?" nesi akanitania, huku akimwekea mpira mwingine.

Akanipa dawa ya maji na vidonge vinavyoyeyuka vyenyewe kwenye maji. Akasema mzee akae wima, kila dawa iende peke yake bila uji, maji safi yatangulie na yafuate. Tena nisitwange kidonge bila kuuliza, maana vingine havitwangwi kabisa.

Leo mjukuu wangu kakoroga kidonge, kikateremka kama maji ya mfereji. Mzee akacheka, mimi nikapiga vigelegele. Mjukuu akamshika mkono: "Babu, siku nesi akikuruhusu kumeza, makande ya kwanza nakupondea mimi."