Kahawa Ikiwa Bado Maua

Meneja mkuu wa chama chetu cha wakulima wa kahawa, kule Mbozi, alikuwa na hasira za karibu, na mimi ndiye niliyekuwa karani wake. Alinipa kazi ya kumwandikia makala ya gazeti, itoke kwa jina lake. Wanachama walikuwa wakijiandaa kupiga kura: chama kikopeshe mahindi miezi ya njaa, au kisikopeshe. Wakikataa, watu wangeendelea kuuza kahawa ikiwa bado maua kwa walanguzi, na chama kingekufa.

Rasimu ya kwanza aliitupa mezani. "Huyu si mimi. Huyu ni mwalimu anahutubia darasa."

Niliumia, maana Kiswahili kile nilikuwa nimekipiga pasi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka nitie humo habari za barabara, kodi, shule na mbolea. Nikamuuliza, "Bwana Meneja, msomaji akilikunja gazeti, akumbuke nini?"

Akafoka. "Akumbuke kwamba baba yangu aliuza kahawa ikiwa maua. Mvua ikaja njema, matawi yakainama, nasi tukamchumia mtu mwingine. Huyo utamwita mkulima, au kibarua kwenye shamba lake?"

Niliyaandika vilevile, pamoja na lile swali, kwa kuwa hakuna hoja aliyowahi kuimaliza bila kukuuliza. Barabara nikafuta, kodi nikafuta. Kila aya sasa ilirudi kwenye mahindi.

Alipomaliza kuisoma aliiweka mezani taratibu. "Ni mimi," akasema. "Ila hapo pa baba patoke. Mzee yu hai, yuko Mlowo, na gazeti husomwa kwa sauti pale dukani. Siwezi kumvua nguo hadharani."

Basi la posta, ambalo ndilo lingepeleka makala gazetini, lilikuwa lipite Mlowo alasiri ile. Bila mzee, makala ilikuwa tangazo tu. Niliogopa kibarua changu kuota nyasi, lakini nikasema, "Twende tumsomee. Akikataa, nitafuta mbele yake."

Mzee alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Meneja alisoma, na alipofika pa maua hakuinua macho. Nje tulisikia basi likipiga honi.

"Umesema niliuza," mzee akasema. "Mbona hukusema kwa nini?"

"Niliona aibu, Baba."

"Wewe ndiye uliyekuwa unalia njaa. Andika hivyo."

Nilimpa Meneja kalamu. Aliandika mwenyewe, pembeni mwa karatasi: *Aliuza kwa sababu mimi nilikuwa nalia njaa. Je, wewe ungefanyaje?* Nikakimbia nayo barabarani.

Hoja ya mahindi ilipita mkutanoni. Wiki zile watu walinisimamisha wakinisifia makala, kwa kuwa walijua nani huandika pale ofisini. Kila mmoja alitaja sentensi ile ile, ile aliyoiandika Meneja mwenyewe pembeni.