Jina Nililolifuta Mbweni

Mie sivumilii ovyo-ovyo. Mama mmoja wa Mbweni aliponipa nisafishe faili la marejeo, orodha ya vitabu alivyovitumia marehemu mumewe, niliona kazi ya wiki moja. Marehemu aliacha mswada wa historia ya vitabu vya pwani, na mjane alitaka utoke kabla naye hajafumba macho.

Faili lilikuwa na maelfu ya marejeo. Nilipolipanga kwenye kompyuta kwa safu ya mchapishaji, nikaona nyumba moja ya uchapishaji imeandikwa kwa namna saba: jina kamili, kifupi, kifupi chenye nukta, lenye "Ltd", lenye jina la mji mbele. Mtindo wa marejeo, yaani kanuni ambazo kompyuta hupangia orodha, haurekebishi hayo. Unayachapa kama ulivyoyakuta. Nikaanza kuyaunganisha, moja baada ya jingine, najisifu.

Katikati kulikuwa na jina dogo la mchapishaji mwingine. Nilijua nyumba ile kubwa ilikuwa imelinunua zamani na kuendelea kulitumia kama chapa yake kwenye baadhi ya vitabu. Nikaona ni walewale. Nikabadilisha yote kwa mpigo, nikahifadhi juu ya faili la zamani. Nakala nyingine sikuweka. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alinisikiliza?

Nilimpelekea mama orodha iliyochapwa. Alisoma kwa kidole, kurasa zote, akarudia tangu mwanzo. Kisha akauliza taratibu:

"Mwanangu, baba yangu yuko wapi?"

Ndipo akanieleza. Jina lile dogo lilikuwa la duka la baba yake, Mwarabu muuza karatasi aliyenunua mashine ya kuchapia. Nikajitetea kwamba lilishanunuliwa. Hakubishana. Alifungua kitabu kimoja, akaniwekea mbele ya macho ukurasa wa jina la kitabu, na chini yake mchapishaji: jina la baba yake peke yake. Kanuni ya marejeo nayo inasema hivyo hivyo, andika mchapishaji kama kitabu kinavyomtaja. Niliona aibu.

Sasa vitabu vya duka na vya mnunuzi wake, nyumba ile kubwa, vilikuwa chungu kimoja. Ikanibidi nikae chumba cha marehemu, mchana baada ya mchana, nikifungua kitabu kimoja kimoja. Kila ukurasa wa jina alikuwa ameuwekea alama ya penseli. Alikwisha kuhakiki yote. Kuna nyakati nilihisi amesimama nyuma yangu akinihesabia makosa, na niliogopa kugeuka.

Vitabu vitatu havikuwepo chumbani. Katalogi za maktaba ziliandika mnunuzi tu. Kumbe kuna aliyefanya kosa langu kabla yangu. Nikamwambia mama tuviweke kwa baba yake, hakuna atakayejua.

"Usimpe baba yangu kitabu asichokichapa," akasema. "Ila kama alikichapa, umemwibia."

Nikaviacha kwa mnunuzi. Kitabu kimetoka, na mama aliwahi kukishika akiwa hai. Watu wananipongeza kwa marejeo safi, nami kila nikiyafungua nakwenda kwanza kwenye vile vitatu.